Promosheni si punguzo: kuweka uamuzi wa masoko chini ya kipengele chake

Kuna jibu ninalokutana nalo kila ninaposahihisha maswali ya kuchagua ya mchanganyiko wa masoko, yale yanayomtaka mwanafunzi auweke uamuzi wa kampuni chini ya kipengele kimoja kati ya vinne: Bidhaa, Bei, Mahali au Promosheni. Mwanafunzi anasoma swali, anaona neno "punguzo", na hapohapo anazungushia Promosheni. Hasomi zaidi. Nikimuuliza kwa nini, ananishangaa: mwalimu, si ni punguzo?

Simlaumu sana. Katika mazungumzo ya kila siku, ukisema duka lina promosheni, kila mtu anaelewa kwamba vitu vimeshushwa bei. Neno limekwisha kuzoea kazi hiyo, na mwanafunzi anaingia nalo kwenye chumba cha mtihani likiwa na maana hiyohiyo. Kitaaluma lina kazi nyingine. Promosheni ni namna kampuni inavyozungumza na soko na kulishawishi: matangazo, uuzaji wa ana kwa ana, mahusiano ya umma, na vile vichocheo vya mauzo vya muda, kama sampuli na zawadi. Bei ikishuka, mara nyingi ni kipengele cha Bei tu kinachofanya kazi yake.

Neno la pili linalopotosha ni Mahali. Neil Borden, aliyeueneza msamiati wa mchanganyiko wa masoko, alikuwa na orodha ndefu ya vipengele 12. Mwaka 1960 Jerome McCarthy aliyapanga maamuzi haya katika makundi manne ambayo kwa Kiingereza yote huanza na herufi P, na hiyo ndiyo sababu yanakaririka kirahisi. Sisi tukitafsiri, herufi zinatawanyika, jambo ambalo halina madhara. Madhara yako kwenye "Mahali". Mwanafunzi anafikiri ni sehemu duka lilipojengwa, basi. Kumbe kipengele hicho ni safari nzima ya bidhaa hadi mkononi mwa mnunuzi: inapita kwa nani, inahifadhiwa wapi, inabebwa na nani, inapatikana katika maduka mangapi. Darasani mimi husema Usambazaji, hata kama karatasi ya mtihani imeandika Mahali.

Tuchukue swali moja tulichambue hadi mwisho.

Kampuni inayotengeneza taa za sola imeamua kwamba muuzaji wa jumla atakayeagiza katoni zaidi ya 100 kwa mara moja atapata punguzo la asilimia 5 kwenye oda yote. Uamuzi huu uko chini ya kipengele gani? A: Bidhaa. B: Bei. C: Usambazaji. D: Promosheni.

Hakuna anayechagua A. Wanaochagua D wamenaswa na "punguzo". Wanaochagua C wamenaswa na "muuzaji wa jumla", kwa sababu wamekariri kwamba wauzaji wa jumla ni sura ya usambazaji. Hapa ndipo ninaposisitiza: usitazame nani ametajwa katika swali, tazama uamuzi wenyewe unabadilisha nini. Muuzaji wa jumla alikuwapo kabla ya uamuzi huu na atakuwapo baada yake. Njia ya bidhaa haijabadilika, ghala halijahama, wala hakuna ujumbe mpya uliotungwa kwa ajili ya wanunuzi. Kilichobadilika ni kiasi anacholipa. Akiagiza katoni 120, atalipa thamani ya katoni 114. Hilo ni punguzo la wingi, na punguzo la wingi ni sehemu ya muundo wa bei. Jibu ni B.

Sasa tubaki na kampuni ileile, tugeuze uamuzi kidogo kidogo, maana tofauti huonekana vizuri zaidi hivyo.

Kampuni ikisema muuzaji wa jumla ana siku 30 za kulipa, na akilipa ndani ya siku 10 anakatiwa asilimia 2, bado tuko kwenye Bei. Masharti ya mkopo na muda wa malipo ni bei pia, ingawa tarakimu iliyoandikwa kwenye orodha haijaguswa. Anayefikiri bei ni ile tarakimu tu atapotea hapa, hasa kwa kuwa hakuna jibu lililoandikwa "Fedha" la kumpokea, naye ataishia kubahatisha.

Kampuni ikiamua kuachana na wauzaji wa jumla na kuyapelekea maduka ya rejareja moja kwa moja, huo ni Usambazaji, hata kama sababu iliyotajwa ni "ili kushusha bei kwa mlaji". Watungaji wa mitihani tunapenda sana kuweka sababu ndani ya swali. Sababu si uamuzi. Kampuni ilichoamua ni njia, na kushuka kwa bei ni matokeo yanayotarajiwa.

Ikiamua kwamba kwa wiki mbili kila anayenunua taa atapewa waya wa kuchajia bure, hiyo sasa ni Promosheni. Bei ya taa imebaki palepale. Kilichoongezwa ni kichocheo cha muda cha kumfanya mtu anunue leo badala ya mwezi ujao. Lakini ikiamua kwamba kuanzia sasa kila taa itatoka kiwandani na waya huo ndani ya boksi, basi ni Bidhaa. Waya ni uleule na taa ni ileile. Tofauti ni kwamba safari hii waya umekuwa sehemu ya kile kinachouzwa.

Usafirishaji nao una pande mbili. "Kampuni itatumia ghala la kati na magari ya kukodi kuyafikia maduka" ni Usambazaji. "Kampuni itawatoza wateja wote gharama moja ya kufikishiwa mzigo, wa mbali na wa karibu" ni Bei, kwa kuwa swali hilo halihusu mzigo unafikaje. Linahusu nani anabeba gharama na kwa kiasi gani. Sentensi zote mbili zinazungumzia mizigo, na mwanafunzi anayewinda maneno atazijibu sawa.

Mtego ninaouona kuwa mgumu kuliko yote unatokana na Kiswahili chenyewe. Tunasema kusambaza bidhaa, na tunasema pia kusambaza vipeperushi. Swali likiuliza ni upi kati ya hii ni uamuzi wa usambazaji, na majibu yakawa kusambaza vipeperushi mitaani, kuongeza idadi ya maghala, kurefusha muda wa mkopo, na kubadilisha ukubwa wa pakiti, kundi zima litaelekea kwenye vipeperushi kwa sababu neno limo. Vipeperushi ni ujumbe. Kinachosafiri ni habari za bidhaa, bidhaa yenyewe haijasogea hata hatua moja. Jibu ni maghala.

Kuna hatua ngumu zaidi ya hapo: kusambaza sampuli za bure. Hapa bidhaa imesafiri kweli, imefika mkononi mwa mtu, tena kwa bei ya sifuri. Kwa macho ya haraka imegusa vipengele vyote vinne. Hata hivyo inahesabiwa kuwa Promosheni, kwa sababu kazi yake ni kushawishi: mtu aonje au ajaribu ili kesho atoe fedha yake. Usambazaji ni mfumo wa kudumu unaomwezesha mnunuzi kukipata anachokilipia. Sampuli haiko katika mfumo huo, ni njia nyingine ya kusema "jaribu hiki".

Kwa mantiki hiyohiyo, kumlipa mwenye duka ili taa zako zikae kwenye rafu ya mbele zionekane ni Promosheni, na kuamua taa ziuzwe katika maduka ya aina gani ni Usambazaji. Tovuti nayo ikiwa ni ya kupokea oda, ichukulie kama duka. Ikiwa ni ya kuonyesha matangazo tu, ichukulie kama bango. Swali likisema "kampuni imefungua tovuti" na likaishia hapo, kosa ni la mtungaji.

Na hapo nikiri langu. Miaka kadhaa nyuma nilitunga swali hili: kampuni imeshusha bei ya viatu kwa asilimia 20 kwa siku tatu, huu ni uamuzi wa kipengele gani? Nikaweka Bei na Promosheni kwenye orodha moja, mwenyewe nikiwa na uhakika kwamba jibu ni Promosheni, kwa kuwa ni la muda. Darasa likagawanyika, na waliochagua Bei wakaja na hoja ambayo sikuweza kuiangusha: punguzo la msimu nalo ni la muda, na vitabu vinaliweka kwenye Bei. Walikuwa sahihi. Muda peke yake hautoshi kuwa kipimo. Punguzo la msimu limo katika mpango wa bei wa kampuni: hujirudia, mnunuzi analijua kabla, na linawekwa ili kusawazisha mahitaji kati ya miezi ya biashara nyingi na miezi iliyolala. Kuponi au "nunua mbili upate ya tatu bure" ni kitu kilichowekwa juu ya bei ili kusukuma mauzo ya kipindi fulani, kisha kinaondolewa. Swali langu halikutoa taarifa yoyote ya kutenganisha hayo mawili. Baadhi ya vitabu vinaliweka punguzo la siku chache upande mmoja, vingine upande wa pili, kwa hiyo nilikuwa nimewapima kwa kitabu walichosoma.

Nilitoa alama kwa majibu yote mawili, kisha nikaliandika upya. Toleo la sasa linasema kampuni itachapisha kuponi gazetini, na atakayeileta dukani ndani ya siku tatu atauziwa viatu kwa asilimia 20 pungufu, huku bei ya orodha ikibaki ilivyo. Ndani yake kimo kichocheo, kimepelekwa kwa njia ya mawasiliano, kina ukomo, na asiye na kuponi analipa bei ileile. Tangu hapo sijapata mtu wa kunibishia jibu, ingawa wapo ambao bado huzungushia Usambazaji kwa sababu kuponi inaletwa dukani.