Vipokezi vya neva zinazojiendesha: jedwali moja na mgonjwa mmoja wa sumu

Nasomea utabibu hapa Dodoma. Dawa za neva zinazojiendesha nazijua mojamoja, ila mtihanini zinanichanganya. Nizipangeje kwenye karatasi moja?

Anza na kipokezi, jina la dawa lifuate. Kipokezi ndicho kinachoamua kiungo kitafanya nini. Dawa inakiamsha au inakizuia tu. Ukishajua kwamba kipokezi cha M3 kikiamka mate yanatoka na utumbo unasokota, madhara ya atropini huhitaji kuyakariri: mdomo unakauka, tumbo linanyamaza, mkojo unakwama.

| Kipokezi | Kikiamshwa | Kinachoamsha | Kinachozuia |
|---|---|---|---|
| Alfa 1 | Mishipa ya damu inabana, mboni inapanuka | Noradrenalini, fenilefrini | Prazosini, tamsulosini |
| Alfa 2 (ubongoni) | Presha inashuka | Klonidini, methildopa | – |
| Beta 1 | Moyo unakwenda kasi na kwa nguvu | Dobutamini, adrenalini | Atenololi, propranololi |
| Beta 2 | Njia za hewa zinafunguka | Salbutamoli, adrenalini | Propranololi |
| M2 | Moyo unapunguza kasi | Asetilikolini | Atropini |
| M3 | Mate, jasho, makohozi. Njia za hewa na mboni zinabana. Utumbo unasokota | Pilokapini | Atropini, hayosini |
| Nikotini ya genge la neva | Simpathetiki na parasimpathetiki zote zinaamka | Nikotini | – |
| Nikotini ya msuli | Msuli unakaza | Suksametoniamu (kisha inaulegeza) | Vekuroniamu |

Kipokezi cha msuli si cha neva zinazojiendesha, lakini kiache hapo. Utakihitaji sasa hivi. Jasho nalo huwaangusha wengi: neva yake ni ya simpathetiki, kipokezi chake ni M3.

Akiletwa mtu aliyekuwa anapulizia dawa kwenye mizabibu, jedwali hili linanisaidia nini?

Tuseme ni mwanaume wa miaka 34 kutoka Hombolo, amepulizia dawa ya jamii ya oganofosfeti bila kinga. Mate yanamtiririka, mboni ni kama ncha ya pini, mapigo 48, presha 80/50, kifua chote kina sauti za majimaji na mluzi. Misuli ya mapaja inachezacheza chini ya ngozi.

Sumu hii imefunga kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwa hiyo asetilikolini inarundikana kwenye M2, M3 na nikotini kwa pamoja. Mapigo 48 ni M2. Mate, mboni na kifua ni M3. Misuli inayochezacheza ni nikotini, na hapo atropini haifiki.

Vaa glavu, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Wakati mwenzako anamwosha, wewe mpe atropini miligramu 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 kifua bado kimejaa: ongeza mara mbili, 4. Dakika 5 nyingine, mluzi umepungua lakini haujaisha: 8. Sasa kifua ni safi, mapigo 96, presha 110/70, kwapa kavu. Jumla amepata miligramu 14. Weka dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kwa saa. Ukianza na 10 ni miligramu 1.4 kwa saa. Soma kichupa kabla ya kuhesabu, kwa sababu nguvu zake hutofautiana.

Nisimamie wapi? Mapigo yakiwa 120 tangu mwanzo, si nitamdhuru?

Simamia kwenye kifua kisicho na majimaji, mapigo zaidi ya 80 na presha ya juu zaidi ya 80. Usisubiri mboni, hufunguka kwa kuchelewa. Mapigo ya kasi mwanzoni yanaweza kutoka kwenye nikotini ya genge la neva, au kwa kukosa oksijeni. Kifua kikiwa kimejaa, mpe atropini hata mapigo yakiwa 120.

Sikiliza kifua pande zote mbili. Sauti zikiwa sehemu moja tu, hasa kwa aliyekunywa sumu, huenda amevuta matapishi au kiyeyushi cha sumu kuingia mapafuni. Atropini haikaushi hilo, na ukilifukuzia utamzidishia.

Ikizidi, atachemka mwili, ataropoka na kushikashika hewa, na tumbo halitasikika. Simamisha dripu, mchunguze kila baada ya dakika 30, na akitulia uirudishe kwa kiwango kidogo kuliko cha awali.

Kifua kimekauka lakini bado analegea. Niongeze?

Hapana. Huo ni msuli wa hiari, na msuli wa hiari hauna M3. Mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, misuli ya kupumua inaweza kufuata. Hali hiyo huja hasa kati ya saa 24 na 96, wakati ndugu wameanza kuomba ruhusa ya kumpeleka nyumbani. Hesabu pumzi, andaa mashine ya kupumulia au rufaa mapema. Akihitaji mpira wa hewa, epuka suksametoniamu: kimeng'enya kinachoivunja nacho kimefungwa na sumu ileile, kwa hiyo ulegevu utadumu kwa saa badala ya dakika.