Dera la Magomeni kwenye ukuta wa Bagamoyo

Dada mmoja anayeuza madera mtandaoni kutoka chumba kimoja cha nyumba yao Magomeni alinitumia picha ya tangazo aliyoitengeneza mwenyewe kwa simu, akauliza swali moja tu: "Kaka, mbona dera langu linaelea?" Alikuwa amelipiga picha likiwa limevalishwa mdoli dukani kwa shoga yake, akafuta kila kitu kilichokuwa nyuma pamoja na mdoli wenyewe, kisha akalibandika juu ya picha ya ufukwe wenye jua kali la mchana. Kila mtu aliyeiona picha hiyo aliona kwamba ina kasoro, lakini hakuna aliyeweza kuitaja.

Kasoro zilikuwa mbili, na ya kwanza haihusiani na kompyuta hata kidogo. Nguo isiyo na mwili haina sababu ya kusimama wima mchangani, na jicho halikubali jambo hilo hata ukilipamba kwa ustadi gani. Kwa hiyo, kama muuzaji hana mtu wa kuivaa nguo, mimi huitafutia mahali ambapo nguo hukaa yenyewe katika maisha ya kawaida: imetundikwa ukutani, imelazwa kitandani, au imekunjwa juu ya kiti. Kasoro ya pili ilikuwa mwanga. Mdoli alikuwa amemulikwa na taa ya dukani iliyotokea mbele, ilhali ufukweni jua lilikuwa karibu na utosi, na vivuli vya minazi vilikuwa vimejikusanya chini ya minazi yenyewe. Dera halikuwa na kivuli chochote. Kitu kisicho na kivuli mahali ambapo kila kitu kina kivuli ndicho tunachokiona kuwa kinaelea.

Tulikubaliana kuanza upya, na mandhari ndiyo itangulie. Watu wengi huanza na picha ya nguo, kisha wakahangaika kutafuta mandhari inayoifaa. Mimi hufanya kinyume chake, kwa sababu mwanga wa chumbani naweza kuupanga upendavyo moyo, ila mwanga wa mtaani siwezi kuuamuru. Tulikwenda Bagamoyo, katika sehemu ya mji wa zamani, na kwa ruhusa ya mwenye nyumba tukapata ukuta uliopakwa chokaa ndani ya baraza, kando ya mlango wa mbao. Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi, jua likiwa upande wa pili wa nyumba, hivyo ukuta ulipata mwanga laini wa kivulini uliotokea kushoto, upande baraza lilipokuwa wazi. Mwanga wa aina hiyo ndio rahisi kuigiza chumbani. Jua la moja kwa moja huacha vivuli vyenye kingo kali, na ukikosea pembe yake kidogo tu, kosa linaonekana.

Tulipigilia msumari mmoja kwenye ubao uliokuwepo tayari ukutani, nikapiga picha mbili bila kuisogeza simu kwenye stendi yake. Ya kwanza ilikuwa na dera moja tulilokwenda nalo, limetundikwa kwenye henga ya mbao. Ya pili ilikuwa ya msumari mtupu. Picha ya kwanza haitumiki katika tangazo lolote. Ni shahidi wangu: inanionyesha kivuli cha dera halisi kinaangukia wapi ukutani, kina giza kiasi gani, na pindo linafika wapi likilinganishwa na kizingiti cha mlango. Nikaandika vipimo kwenye kidaftari: lenzi ipo sentimita 110 kutoka sakafuni, umbali hadi ukutani ni mita 3, ukuzaji ni mara mbili, mwanga unatoka kushoto. Mwishowe nilishika karatasi nyeupe mbele ya ukuta na kuipiga picha, kwa ajili ya kusawazisha rangi baadaye.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusingepiga madera yote hukohuko. Siku hiyo tungeweza, lakini dada huyu hupokea mzigo mpya mara kwa mara, na hawezi kukodi gari hadi Bagamoyo kwa ajili ya kila mzigo. Mandhari moja iliyopigwa vizuri inamtosha kwa miezi.

Kule Magomeni tulisimamisha bodi ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 iliyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, dirisha likiwa kushoto kama lilivyokuwa baraza. Taa ya chumbani tuliizima, kwa kuwa mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirisha, upande mmoja wa nguo hugeuka wa manjano na mwingine wa samawati, na hakuna marekebisho yanayoponya pande zote mbili kwa pamoja. Lenzi niliiweka palepale, sentimita 110 kutoka sakafuni. Kimo cha lenzi ni jambo ambalo wengi hulipuuza, ingawa ndicho kinachoamua kama jicho linaitazama nguo kutoka juu au kutoka chini. Ukiipiga nguo kwa kuinamisha simu kutoka kimo cha uso, mabega yatapanuka na pindo litabanwa, na ukutani itaonekana kana kwamba inaangukia mbele. Chumba kilikuwa kifupi, nikapata mita 2 na sentimita 60 badala ya mita 3. Tofauti hiyo naikubali. Ingekuwa mita moja na nusu, ningefungua mlango na kusimama ukumbini.

Madera yote yalitundikwa kwenye henga ileile iliyokwenda Bagamoyo, nayo ndiyo rula yangu. Henga hiyo ina upana wa sentimita 42. Katika picha ya Bagamoyo ilichukua pikseli 840, yaani pikseli 20 kwa kila sentimita. Katika picha za chumbani ilichukua pikseli 966. Nikigawanya 840 kwa 966 napata 0.87, kwa hiyo kila dera nalipunguza hadi asilimia 87 na silikadirii kwa macho. Dera la sentimita 145 litakuwa na urefu wa pikseli 2900 ukutani, na mteja anayelilinganisha na mlango atapata picha ya kweli ya urefu wake. Ukilikuza kidogo ili lijaze picha, umemdanganya mnunuzi kuhusu kipimo, hata kama hukukusudia.

Sasa nakuja kwenye kivuli. Natumia Photopea, ambayo hufunguka kwenye kivinjari bila malipo, lakini hatua ni zilezile katika programu nyingine za leya, yaani zinazopanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine. Naiweka picha nzima ya chumbani, pamoja na bodi yake nyeupe, juu ya picha ya msumari mtupu. Naitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe, nafungua `Levels` na kusogeza alama ya weupe mpaka bodi iwe nyeupe kabisa huku kivuli cha dera kikibaki kijivu, kisha nabadilisha hali ya leya kuwa `Multiply`. Katika hali hiyo kilicho cheupe kabisa hakibadilishi chochote kilicho chini yake, na kilicho cha kijivu hukitia giza kwa kiasi cha ukijivu wake. Bodi inatoweka, chokaa ya Bagamoyo inajitokeza, na juu yake kinabaki kivuli ambacho dera lenyewe lilikitupa, chembamba mabegani ambako kitambaa kimegusa ukuta, na kilichotawanyika pindoni ambako kitambaa kimeachana nao. Kivuli cha kuchora kwa mkono mara nyingi hukosa mabadiliko hayo.

Juu ya leya hiyo ndipo naweka dera lenye rangi, lililokatwa kwa maski, yaani kifuniko kinachoficha kila kisicho dera. Maski naibana ndani kwa pikseli moja ili kusibaki ukingo mweupe wa bodi, na pale nilipobana, leya ya chini hujaza pengo kwa kuwa nayo ina umbo lilelile la dera. Kisha nalinganisha na picha ya shahidi. Kivuli kikiwa kizito kuliko cha dera la mfano, napunguza `Opacity`, yaani uzito wa kuonekana, ya leya ya chini. Kuna jambo moja dogo ambalo bila hilo kazi yote huharibika: ndoano ya henga lazima ipite nyuma ya kichwa cha msumari. Nakata kipande kidogo cha msumari kutoka picha ya mandhari na kukiweka juu ya leya zote. Ni sehemu isiyozidi ukubwa wa ukucha, lakini ndiyo inayoliambia jicho kwamba nguo imeshikwa.

Rangi ya nguo siigusi baada ya kusawazisha kwa karatasi nyeupe, na sababu yake niliilipia fedha. Siku za mwanzo nilikuwa nikimaliza kazi kwa kumwaga rangi ya dhahabu juu ya picha nzima, ili ipate hali ya jioni. Dera la rangi ya feruzi likatoka likiwa kijani. Mnunuzi wa Morogoro alilipokea, akalirudisha kwa basi, na gharama ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Tangu hapo, kama mandhari na nguo hazipatani, ninayoibadilisha ni leya ya mandhari. Kuta hazina mnunuzi.

Ili kujua kama zinapatana, naongeza kwa muda leya ya kukoleza rangi hadi karibu na mwisho wake. Picha inakuwa ya kuchukiza, lakini kwa namna hiyo ukuta unaoelekea samawati na nguo iliyoelekea njano hujitangaza mara moja. Pia naigeuza picha kushoto kulia, kwa kuwa jicho lililoizoea kwa saa mbili huwa limekwisha kusamehe makosa. Baada ya hapo nafuta leya ya majaribio na kutoa picha ya pikseli 1080 kwa 1350 katika mfumo wa rangi wa sRGB, na kumtumia mwenyewe kwa WhatsApp kama dokumenti ili isipunguzwe ubora.

Kati ya vitu 14 alivyoniletea, 12 vilikubali njia hii. Viwili vilikuwa mitandio ya shifoni, na hapo nilimwambia aniachie. Kitambaa kinachopitisha mwanga hubeba ndani yake kila kilicho nyuma yake, hivyo kilichopigwa mbele ya bodi nyeupe kitaendelea kuonyesha bodi hata ukikiweka kando ya mlango wa mbao. Ukiipunguza maski ili mlango uonekane, rangi ya mtandio nayo inapauka. Mitandio hiyo tuliifunga kwenye mfuko, ikisubiri safari nyingine ya Bagamoyo.