Mashungi ya rangi ya asali kwenye nywele nyeusi, kwa maski ya mwangaza

Kwenye Photoshop, weka leya ya rangi ya asali juu ya picha ya nywele nyeusi, badilisha hali yake ya kuchanganyika iwe Color, kisha tazama. Asali huioni. Nywele zinabaki nyeusi, labda zimepata wekundu kidogo pale zinapong'aa. Wengi wakifika hapo hukimbilia Overlay au Soft Light na kuongeza nguvu mpaka rangi ijitokeze. Ikishajitokeza, inakuwa imetanda juu ya nywele badala ya kuwa ndani yake, na shavu nalo limepata sehemu yake.

Sababu ni kwamba Color hubadilisha rangi tu, mwangaza wa picha iliyo chini inauacha ulivyo. Pikseli yenye mwangaza wa 20 kati ya 255 haiwezi kuonyesha asali, maana asali ni rangi angavu. Msusi ninayefanya naye kazi huwaambia wateja wake, "Dada, rangi haishiki kwenye weusi, lazima tublichi kwanza." Kwenye Photoshop mambo ni yale yale: unapandisha mwangaza kwanza, rangi inafuata. Na maski ya mwangaza ndiyo inayoamua ni unywele upi upande na upi ubaki chini.

Nichukue picha moja ya aina anazoniletea mara kwa mara. Mteja anataka kuona atakavyoonekana akiwa na mashungi mawili ya asali yanayozunguka uso, kabla hajakubali kupakwa blichi. Nywele ni zake mwenyewe, nyeusi, zimenyooshwa kwa pasi, njia iko katikati, na zinafika mabegani. Dirisha liko kushoto kwa picha, kwa hiyo shungi la kushoto lina mwanga na la kulia limo kivulini.

Kabla sijagusa chochote nafungua paneli ya Info na kupitisha mshale juu ya nywele. Kwenye picha hii nywele zenyewe zinasoma kati ya 14 na 30, mng'ao unaopita juu yake unafika 70 hadi 90, na shavu liko 130 kwenda juu. Namba hizo zinaniambia karibu kila kitu. Nikipakia mwangaza wa picha nzima kama uteuzi, kwa Ctrl+Alt+2, nitapata uso wote pamoja na ukuta wa nyuma, na nywele karibu zisiwemo. Maski ya mwangaza haijui nywele ni nini. Inajua kilicho angavu, na katika picha ya mtu mwenye nywele nyeusi, nywele ndizo za mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo maski lazima itengenezwe kwa kipimo cha nywele zenyewe, huku uso ukizuiwa kwa njia nyingine.

Naanza na chaneli. Kwenye paneli ya Channels naangalia Red, Green na Blue moja moja. Kwa nywele nyeusi za asili, mara nyingi naishia kwenye Red. Melanini hufyonza zaidi mwanga wa buluu kuliko mwekundu, hivyo ndani ya nywele inayoonekana nyeusi tii huwa kuna maelezo zaidi kwenye Red, wakati Blue ina giza na chengachenga nyingi. Faida ya pili ni kwamba ngozi hupanda sana kwenye Red, na mpaka kati yake na nywele unakuwa wazi.

Naburuta Red hadi kwenye alama ya kuongeza ili kupata nakala yake. Usifanye kazi kwenye chaneli yenyewe, utaharibu picha. Juu ya nakala nabonyeza Ctrl+L, na kwenye Levels naweka 12 upande wa weusi na 85 upande wa weupe. Ngozi inakuwa nyeupe yote, na hilo halinisumbui. Ninachokitazama ni nywele: ghafla kila unywele unaonekana peke yake, mng'ao ukiwa mweupe, miili ya nywele ikiwa ya kijivu, na nafasi za katikati zikiwa nyeusi. Ukiona nywele zote zimekuwa nyeupe tupu bila nyuzi, umeuvuta weupe kupita kiasi, rudi hadi 100 hivi.

Nashikilia Ctrl na kubofya kijipicha cha nakala ile, uteuzi unajitokeza. Nabofya RGB, narudi kwenye Layers, na kuongeza leya ya Curves. Uteuzi unageuka wenyewe kuwa maski yake. Halafu naiweka leya hiyo ndani ya kundi kwa Ctrl+G, na kulipa kundi maski yake yenyewe, nyeusi yote, kwa kushikilia Alt ninapobofya alama ya maski.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima. Maski ya ndani inachagua nyuzi kwa mwangaza, maski ya kundi inachagua mahali, na kitu hupita pale tu zinapokubaliana zote mbili. Ndiyo maana sikujali ngozi kuwa nyeupe kwenye ile ya kwanza. Liache kundi kwenye Pass Through. Ukiligeuza kuwa Normal, Curves itafanya kazi ndani ya kundi tu na hutaona badiliko lolote kwenye picha.

Kwenye maski ya kundi nachora kwa brashi nyeupe laini, Flow ikiwa kama 20, nikifuata nywele zinavyolala. Sianzii kwenye ngozi ya kichwa. Naacha mizizi nyeusi, upana wa kidole hivi, kisha naanza kwa wepesi na kuongeza mapito kadiri ninavyoshuka, ili rangi ikolee kuanzia usawa wa shavu kwenda taya. Kati ya mapito naacha mianya. Vile vinywele laini vya kwenye paji siviweki rangi kabisa: viko juu ya ngozi na ni vyeusi kuliko ngozi, kwa hiyo maski hii haiwezi kuvitenga, na hata saluni kwa kawaida havipakwi blichi. Vikibaki vyeusi, picha inaaminika zaidi.

Sasa Curves. Napandisha nukta ya 30 hadi 75 na ya 90 hadi 190, lakini ncha ya chini inabaki sifuri. Nywele hapa zitaonekana za kijivu, zimepauka. Usijali na usijaribu kulirekebisha hapa.

Rangi yenyewe naiweka kwa Gradient Map juu ya Curves, ndani ya kundi lile lile, na maski ya mwangaza nainakili kwa kuiburuta huku nimeshika Alt. Ningeweza kutumia rangi moja ya Solid Color, lakini nywele nyeusi zikipandishwa kwa blichi hazipandi kwa rangi moja. Hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, ndipo zifike kwenye njano. Shungi lenye asali ile ile toka kivulini hadi kwenye mng'ao linaonekana la kuchora. Hivyo Gradient Map yangu ina vituo vinne, kutoka giza kwenda mwanga:

```
0%    #1C0F08
30%   #6B3A1A
60%   #B9803F
100%  #EBC98A
```

Hali yake naiweka Color, Opacity 80. Kwa kuwa Curves imeshapandisha mwangaza, sasa Color ina mahali pa kushika. Tena inautunza mng'ao: pale nywele zinapong'aa sana, rangi hupungua yenyewe, kama inavyotakiwa, maana mng'ao ni mwanga unaorudi kutoka juu ya unywele na haubebi rangi nyingi ya ndani.

Kuna dalili tatu nazitafuta nikikuza picha hadi 100%. Ya kwanza ni mashungi kufanana na mvi. Maana yake Curves imepanda lakini rangi haijafuata, au maski ni kali mno na nyuzi zimebaki nyeupe na nyeusi tupu. Hapo naongeza Opacity ya Gradient Map, na ikibidi nalegeza maski kwa Gaussian Blur ya nusu pikseli. Ya pili ni mstari wa chungwa pembeni mwa shavu. Hiyo ni brashi iliyovuka mpaka, na dawa yake ni kuchukua brashi nyeusi kwenye maski ya kundi. Usiguse maski ya ndani. Ya tatu ni chengachenga au vijisanduku vidogo ndani ya shungi. Chanzo chake ni faili. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwenye giza hubakiza maelezo machache sana, hasa picha ikiwa imepitia WhatsApp. Ukipandisha 30 hadi 75, uchafu wote unapanda nao. Naomba RAW, naifungua kwa biti 16, na kuongeza Shadows kidogo kabla ya kuanza.

Shungi la kulia linahitaji kundi lake. Kivulini namba za nywele ni ndogo, mng'ao unafika 50 tu, hivyo maski ya kushoto inaliona kama halipo. Natengeneza nakala nyingine ya Red na kuweka weupe wa Levels kwenye 50. Lakini Curves ya upande huo naipandisha kwa kiasi kidogo zaidi. Kishawishi cha kufanya mashungi yalingane ni kikubwa, mteja mwenyewe hukitaka, ila shavu la kulia limo kivulini na nywele zilizo kando yake lazima ziwe kivulini pia. Yakilingana, jicho linagundua mara moja hata kama mtu hawezi kusema kuna nini.

Njia hii ina mwisho wake. Nywele zikisoma 0 hadi 5 kila mahali, hakuna nyuzi za kuchagua, na hapo naomba picha nyingine. Afro ya nywele za kipilipili nayo inatoa maski ya madoadoa, kwa sababu kila kikunjo kinarusha mwanga upande wake na mng'ao mrefu haupo. Huko sichori shungi, naweka rangi kwenye ncha za vikunjo tu, juu na pembeni mwa uso, na Curves naipunguza karibu nusu.

Mteja akibadili mawazo na kutaka rangi ya divai, makundi yote yanabaki. Nabadilisha vituo vya Gradient Map, kuanzia #16060A hadi #A8324A, na kushusha Opacity ya Curves hadi 40 hivi. Divai ni rangi ya giza, haihitaji kupandishwa kama asali, na ukiiacha Curves ilivyokuwa utapata waridi.