Boksi pana halina watu wengi

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya slaidi, iliyopigwa kwa simu kutoka kiti cha nyuma kwenye semina hapa Dodoma. Ndani yake kuna mchoro wa boksi wa mavuno ya alizeti, na chini yake sentensi hii: "Wakulima wengi wanavuna kati ya gunia 4 na 9 kwa ekari." Aliyeandika ameona sehemu ya juu ya boksi ni ndefu, akaamini ndiko waliko watu. Nimelisahihisha kosa hili mara nyingi kiasi kwamba leo naliandika, ili mara nyingine nitume kiungo tu.

Niliomba orodha yenyewe nikapewa. Ni wakulima 20, na namba nimezirahisisha kidogo ili msomaji aweze kuzihesabu kwa vidole:

```
1 2 2 3 3
3 3 4 4 4
4 4 8 8 8
10 10 10 11 12
```

Kila mstari una watu watano, yaani robo. Mediani, yaani namba ya katikati, iko kati ya mtu wa 10 na wa 11: gunia 4. Ukingo wa chini wa boksi, mpaka wa robo ya kwanza na ya pili, ni 3; wa juu, mpaka wa robo ya tatu na ya nne, ni 9; na sharubu, ile mistari inayotoka nje ya boksi, zinafika 1 na 12. Sasa tazama mstari wa pili: watu watano wamebanana kati ya 3 na 4. Mstari wa tatu nao una watu watano wale wale kwa idadi, ila wametawanyika kuanzia 4 hadi 8. Sehemu fupi ya boksi na sehemu ndefu zina watu sawa. Urefu unakwambia wamekaa mbalimbali kiasi gani, haukwambii wako wangapi. Kwa hiyo pale boksi liliporefuka ndipo watu walipo wachache kwa kila gunia moja la mhimili, kinyume kabisa na ile sentensi ya kwenye slaidi.

Jambo la pili nalipita haraka: mstari ndani ya boksi ni mediani, si wastani. Eksel huweka wastani kwa alama ya X, na kwenye picha yenye ukungu X ile hupotea. Hapa wastani ni 5.7. Hakuna hata mkulima mmoja kwenye orodha anayevuna gunia 5, wala 6, wala 7.

Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu boksi limelificha. John Tukey, aliyeueneza mchoro huu kwa kitabu chake cha mwaka 1977, aliukusudia uwe muhtasari wa namba tano, na namba tano haziwezi kuonyesha shimo katikati. Histogramu, mchoro wa nguzo zinazohesabu watu katika kila kipande cha mhimili, inaweza, lakini inategemea umekata vipande vya upana gani. Nilipokata kwa gunia tano tano nilipata nguzo tatu zenye watu 12, 3 na 5, na shimo halikuonekana. Nilipokata kwa gunia mbili mbili zikatoka 1, 6, 5, 0, 3, 4, 1, na ile sifuri kati ya 6 na 8 ikajitokeza. Mbele yangu kulikuwa na makundi mawili: watu 12 wasiozidi gunia 4, na watu 8 wasiopungua 8.

Kuna fomula za kuchagua upana wa vipande, lakini kwa watu 20 siziamini sana. Nachora mara tatu kwa upana tofauti, na nashika kile kinachobaki kila mara. Hata ule ukingo wa juu wa 9 si wa kuapia: kwa orodha hii hii, kwenye Eksel `QUARTILE.INC` inatoa 8.5 na `QUARTILE.EXC` inatoa 9.5. Zote mbili ni sahihi kwa kanuni zake. Tofauti hiyo huniambia data ni chache pale, basi sibishanii nusu gunia.

Nilimpigia simu bwana shamba aliyekusanya namba hizo. "Wale wanane wanapanda mbegu gani?" Akajibu saba kati yao walinunua mbegu chotara, na wale wengine wengi wanarudishia ya msimu uliopita. Nikamuuliza na udongo. Akanyamaza kidogo, akasema watano kati ya wanane wako mbugani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Hapo sijui tena ni mbegu au ni udongo, na mchoro wowote wa safu moja ya namba hautanijibu.

Nimemwomba arudi na daftari lenye safu mbili zaidi: mbegu, na aina ya shamba. Ile sentensi ya slaidi, kwa sasa, nimeandika hivi: wakulima 12 kati ya hawa 20 hawazidi gunia 4 kwa ekari, na wanane wako mbali juu yao, bila mtu katikati.