Pengo halisi la nauli: daraja la kawaida na daraja la biashara

Katika safari ndefu za ndege, tiketi ya daraja la biashara kwa kawaida hugharimu mara tatu hadi tano ya ile ya daraja la kawaida. Wanaoimudu zaidi ni wasafiri wanaolipiwa na kampuni. Julai na Agosti, na tena mwishoni mwa Desemba, wasafiri hao hupungua, viti vya mbele hubaki wazi, na mashirika hushusha bei. Majira hayohayo familia ziko likizo, kwa hiyo daraja la kawaida hujaa na nauli yake hupanda. Pengo hubanwa kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo inafaa kulipima.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulipima kwa tiketi ya kawaida iliyo rahisi kuliko zote, ambayo msafiri mwenyewe asingeinunua. Tuseme tiketi hiyo ni dola 900 kwenda na kurudi, na ya biashara imeshuka hadi 2,300. Pengo linaonekana kuwa 1,400. Lakini ya 900 haina begi la kupakia, wala nafasi ya kuchagua kiti au kubadilisha tarehe. Ukiyahitaji yote hayo, nauli inafika 1,250, na pengo halisi linakuwa 1,050.

Katika safari ndefu, faida kubwa ya kiti cha biashara ni kulala vizuri, kwa hiyo sasa ligawe pengo hilo kwa saa za safari ya usiku. Ikiwa kwenda ni saa 11 za usiku na kurudi ni saa 11 za mchana, usingizi unaoununua ni wa safari moja tu, yaani karibu dola 95 kwa saa. Kama zote mbili ni za usiku, ni kama dola 48. Mimi huanza kufikiria pale nauli ya biashara inaposhuka chini ya mara mbili ya ile ya kawaida niliyoikokotoa kikamilifu, na safari zote mbili zikiwa za usiku. Ikiwa usiku ni mmoja, ulizia bei ya kulipia daraja la biashara upande huo tu. Baadhi ya mashirika huuza hivyo bila kupandisha nauli kupita kiasi.

Soma masharti kabla ya kulipa. Nauli za punguzo mara nyingi hudai ununue wiki kadhaa mapema na ukae huko walau usiku mmoja wa Jumamosi, na fedha hazirudishwi. Masharti hayo yamewekwa makusudi ili msafiri wa kampuni asizipate. Kwa hiyo linganisha urahisi wa kubadilisha tarehe kwa tiketi zote mbili: wakati mwingine ile ya biashara ndiyo iliyobanwa zaidi.

Kisha tazama ndege ya kila kipande cha safari. Ndani ya Ulaya, mashirika mengi huuza daraja la biashara lenye viti vilevile vya kawaida, ila cha kati huachwa wazi. Saa za kipande hicho usizihesabu.