Jozi 40 za sapog, wala si sapogov

Wiki hii orodha ya stoo ya nguo za kazi imenirudia imesahihishwa vibaya, na kosa ni lile lile. Niliandika kwa Kirusi jozi 40 za buti: 40 par sapog. Msahihishaji akafuta sapog, akaweka sapogov, na pembeni akaandika kwamba nimesahau mwisho wa wingi.

Sikusahau. Darasani tunafundishwa kwamba nomino ya kiume ikiingia jenitivu ya wingi, yaani umbo linalofuata maneno ya idadi kama jozi, huchukua -ov: stol, meza, huwa stolov. Ni kweli kwa nomino nyingi, ila zamani -ov ilikuwa ya kundi dogo tu, ndipo ikaenea. Baadhi ya vitu vinavyovaliwa viwili viwili vilibaki na umbo la kale lisilo na mwisho wowote: sapog, botinok, valenok, chulok. Hapo ndipo macho yanapodanganyika, maana sapog ya wingi inaandikwa sawasawa na sapog ya buti moja. Anayeiona anadhani ni umoja ulioachwa kwa bahati mbaya.

Kingine kinachompotosha msahihishaji ni soksi, ambazo ni noskov. Warusi wana njia ya kukumbuka: soksi ni fupi, neno lake refu, noskov; stokingi ni ndefu, neno lake fupi, chulok. Hata hivyo siku hizi zipo kamusi zinazokubali nosok pia, na raba za kedy zinakubali ked na kedov. Mimi kwenye hati ya kazi naandika noskov, lakini aliyeandika nosok simfutii tena kwa ukali niliokuwa nao zamani.

Jambo la pili linaloniudhi ni namba. Watu hubadilisha neno la buti kila namba inapobadilika. Namba inaliamuru neno para, yaani jozi, peke yake: 21 para, 22 pary, 25 par. Buti zinatawaliwa na para, kwa hiyo zinabaki sapog katika zote tatu. Ukiona 22 pary sapoga, mtafsiri amehesabu buti badala ya jozi.

Kwenye jedwali tatizo hili linaweza kuondoka kabisa. Jina la kitu likae kwenye safu yake katika umbo la kawaida, kipimo kwenye safu yake, idadi mwisho, kama hapa kwa buti na soksi kwa jozi, na taulo kwa moja moja:

```
Сапоги     пара   40
Носки      пара   60
Полотенца  шт.    25
```

Hapo hakuna jenitivu ya kukosea. Lakini orodha ikifuatwa na hati ya makabidhiano yenye sentensi kamili, «tumepokea taulo 25», jenitivu inarudi, na taulo ni polotenets, si polotentsev. Viatu vya tufli ni tufel, mkazo ukiwa kwenye silabi ya kwanza. Maneno haya nayaangalia kwenye kamusi moja moja, hata yale ninayoyajua, kabla ya kurudisha kazi.