Wiki Yako Haiandikwi kwa Kumbukumbu: Dhana Potofu Kuhusu Ukaguzi wa Muda

Kila muhula mimi huwapokea wanafunzi wanaotaka ratiba ya kujisomea, na wengi wao ni watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi. Kabla ya kuwatengenezea chochote huwataka wakague wiki moja ya kawaida kwa kujaza fomu, waone saa zao zinakwenda wapi. Karibu kila mara hujibiwa sentensi ileile: “Hilo halina haja, maisha yangu nayajua.” Nimeisikia mno kiasi kwamba nimeona afadhali niijibu kwa maandishi.

Dhana: Nikikaa dakika 20 nikakumbuka vizuri, nitaijaza fomu kwa usahihi.

Ukweli ni kwamba anayejaza fomu kwa kumbukumbu huandika ratiba anayodhani anaifuata, wala si wiki aliyoiishi. Kumbukumbu hushika mambo yenye jina na saa ya kuanza, kama vile kazi, kipindi cha darasani na kulala. Vipande vya katikati havina jina, kwa hiyo havikumbukwi, na saa tunazozitafuta zimejificha humo hasa. Zaidi ya hayo, mtu hukihesabu kitu kimoja mara mbili bila kujua: aliyepika huku akizungumza na watoto huandika saa nzima chini ya mapishi na saa hiyohiyo chini ya familia. Ndiyo sababu tafiti rasmi za matumizi ya muda haziishii kumuuliza mtu hutumia saa ngapi kwa jambo fulani, bali humpa shajara aijaze. Katika mwongozo unaotumiwa na nchi za Ulaya, shajara hiyo imegawanywa katika vipindi vya dakika 10.

Nitaeleza kisa cha mwanafunzi mmoja, mama anayefanya kazi mchana na kusoma jioni. Kwa kumbukumbu aliandika kulala saa 56, kazi 50, safari 10, vipindi 12, kazi za nyumbani 18, kula na kuoga 14, familia 10 na simu 4. Jumla yake ni saa 174, ilhali wiki ina saa 168 tu. Kwa hesabu hiyo alikuwa na upungufu wa saa 6 kabla hajafungua kitabu, naye alikuwa ameshaamua kuacha somo moja.

Nilimwomba aandike kwa siku 7 mfululizo, akaleta hesabu nyingine: kulala 52, kazi 43, safari 11, vipindi 11, kazi za nyumbani 13, kula na kuoga 10, familia 9 na simu 11. Hizo ni saa 160, na saa 8 zilizobaki hazikuwa na jina lolote. Hakuwa amesema uongo mara ya kwanza. Saa 50 za kazi zilitokana na muda anaotoka nyumbani na muda anaorudi, wakati sehemu ya muda huo ilikuwa safari aliyokwisha kuiandika kwenye mstari wake.

Jumla peke yake isingemsaidia sana. Kilichomsaidia ni kuona saa hizo zilikaa wapi. Katika zile 8 zisizo na jina, saa 3 na dakika 20 zilitokana na kufika kazini dakika 40 kabla ya muda, siku 5 za wiki, kwa sababu usafiri unaofuata ungemchelewesha. Saa 2 nyingine zilikuwa za Jumamosi alasiri, akimngoja ndugu ambaye humtembelea jioni. Saa 2 na dakika 40 zilizosalia zilikuwa vipande vya dakika 5 au 10, na hivyo nilimwambia aviache. Upande wa simu, saa 7 na nusu kati ya 11 zilianguka mahali pamoja: usiku 5, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano.

Shajara yenyewe ni karatasi tu yenye mistari 48 kwa siku, kila mstari ukiwa nusu saa. Andika kila unapobadilisha shughuli, au angalau kila unapokaa kula. Ukingoja usiku, umerudi kwenye kumbukumbu. Mstari mmoja hubeba shughuli moja kuu, na ya pili inawekwa pembeni bila kuhesabiwa. Kando yake weka alama ya 1 hadi 3 kuonyesha ulikuwa na nguvu kiasi gani, 3 ikiwa ndiyo nguvu nyingi, kwa sababu safu hiyo ndiyo itakayoamua somo gani likae wapi.

Shajara iliyojazwa kwa kubuni naitambua upesi. Wino na mwandiko ni uleule kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, shughuli zote zinaanza saa kamili, Jumanne imefanana na Alhamisi, na “kusoma” kumechukua saa 2 bila hata mara moja ya kuinuka. Karatasi ya namna hiyo huirudisha, hata kama mwenyewe anakasirika. Vilevile siku 2 za mwanzo huwa nzuri kupita kiasi, maana mtu anayejiandika hujirekebisha. Zilinganishe na siku za mwisho, na zikitofautiana sana, ziamini za mwisho.

Dhana: Kila saa iliyopatikana ni saa ya kusoma.

Hapana. Mama yule alipata zile saa 3 na dakika 20 za asubuhi na zile 2 za Jumamosi. Katika muda wa simu tulichukua dakika 45 tu kwa usiku 4, yaani saa 3, na uliobaki tukamwachia apumzike. Jumla ilikuwa saa 8 na dakika 20, lakini ratiba tuliijenga juu ya takriban robo tatu yake, saa 6, kwa kuwa basi litachelewa na mtoto ataugua. Asubuhi alikuwa ameweka alama ya 3, kwa hiyo somo la hesabu likaenda huko. Usiku alikuwa na alama ya 1, tukaweka kadi za maswali za kurudia alichokwisha kukielewa. Laiti tungepanga mada mpya ya hesabu saa tatu na nusu usiku, ratiba ingekufa ndani ya wiki moja.

Dhana: Ripoti ya simu inayoonyesha muda wa skrini inatosha.

Inahesabu skrini peke yake. Dakika 40 za kukaa kazini bila kufanya lolote hazimo ndani yake. Itumie kuthibitisha mstari wa simu, basi.

Dhana: Ningoje kwanza wiki tulivu.

Wiki ya mitihani, ya likizo au ya msiba iache. Wiki yenye mgeni mmoja au ugonjwa mdogo wa siku moja ndiyo wiki ya kawaida, na ukiikwepa utapanga kwa ajili ya wiki isiyokuja.

Dhana: Mwisho wa yote jibu ni kupunguza usingizi.

Hili hunisikitisha, kwa sababu wengine huja wakiwa wameshaanza. Mama yule alidhani analala saa 8 kumbe ni chini kidogo ya saa 7 na nusu, na hatukugusa hata dakika moja ya hizo. Usingizi uandike jinsi ulivyo, tangu ulipolala kweli na si tangu ulipopanda kitandani na simu mkononi. Kwake tofauti hiyo peke yake ilikuwa saa 4 kwa wiki, na zote zilihamia kwenye mstari wa simu.